Namba 1471 iliyogeuka 7477: kisa cha tafsiri ya karatasi ya Bujumbura na barua ya mtendaji

Julai 2024, ule msimu wa upepo Dodoma ambao ukisahau dirisha wazi dakika mbili tu meza yote vumbi, alikuja kwangu dada mmoja, nimwite Dada Z, na bahasha ya kaki na simu mkononi. Mume wake yuko Australia, maombi ya viza ya mwenza yalishaingia, ada imeshalipwa, na alikuwa amepokea barua pepe ya ofisa anayeshughulikia faili lake. Anatakiwa alete upya tafsiri za karatasi mbili, kapewa siku 28, na siku nane zilishaisha kabla hajajua aende wapi.

Karatasi ya kwanza ni ya Burundi. Dada Z alifanya kazi ya uhasibu Bujumbura kuanzia Agosti 2018 mpaka Novemba 2020, na Australia wanataka cheti cha rekodi ya jinai kwa kila nchi uliyokaa jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, kuanzia ulipofikisha miaka 16. Cha Tanzania alikuwa nacho, kimetoka kwa Kiingereza, hakina shida. Cha Burundi kiko kwa Kifaransa. Karatasi ya pili ni barua ya tabia njema kutoka kwa mtendaji wa mtaa wake hapa mjini, kwa Kiswahili, ambayo mwanasheria wa mume wake alisema iambatanishwe.

Tafsiri ya kwanza alifanyiwa steshenari moja, elfu kumi na tano karatasi zote mbili, tena siku hiyo hiyo. Mimi siwacheki watu wa steshenari, Kiingereza cha yule kijana kilikuwa kizuri tu, kimenyooka. Shida haikuwa lugha. Alitafsiri maneno akaiacha karatasi, na anayekaa na hizi faili kule hasomi maneno peke yake, anaweka asili na tafsiri pembeni kwa pembeni anaangalia kama vinafanana.

Tuanze na hiyo ya Burundi maana ndo ilikuwa na mambo mengi.

Kichwa cha karatasi kwa Kifaransa maana yake ni dondoo ya rekodi ya hukumu za jinai. Iko chini ya mambo ya sheria, na aliyesaini ni mtu wa upande wa waendesha mashtaka, siyo polisi. Kwenye nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Kifaransa na Kibelgiji hukumu zinatunzwa upande wa sheria, polisi wana mafaili yao mengine. Kijana wa steshenari akaandika kichwa kikubwa cha "cheti cha polisi" kwa sababu kwenye orodha ya viambatanisho ndivyo kilivyoitwa, na kwenye saini akamweka "ofisa wa polisi". Unaona hatari yake? Ofisa akitaka kuhakiki, anatafuta polisi wa Burundi waliotoa namba fulani, kumbe polisi hawajawahi kuiona hiyo karatasi. Mimi kichwa nilikitafsiri kilivyo na cheo cha msaini nikakitafsiri kilivyo. Sehemu pekee niliyotumia jina la kwenye orodha ni jina la faili lake la PDF, ili ofisa akifungua ajue inakaa kwenye kisanduku kipi.

Halafu namba. Juu kushoto namba ya kumbukumbu imejazwa kwa kalamu. Tafsiri ya kwanza inasema 7477. Nikaangalia asili na mimi nikaona 7477 kabisa, nikaanza kuandika, mkono ukasita. Kuna kitu watu waliosoma shule za Kifaransa wanafanya, 1 yao inaanza na mstari mrefu unaopanda kutoka chini, kwa jicho letu ni 7 tupu, na 7 yao wanaikata katikati na kijistari. Sasa kwenye ile namba tarakimu ya tatu tu ndo ilikuwa imekatwa, ya kwanza na ya mwisho hazijakatwa. Nikashuka chini kwenye mstari wa tarehe ya kuzaliwa, umejazwa na mwandiko ule ule, na Dada Z kazaliwa mwaka 1991, kwa hiyo pale nina 1 mbili ambazo hazina ubishi. Zinafanana na ile ya mwanzo na ya mwisho kama mapacha. Namba ni 1471. Ndo njia ninayoitumia mpaka leo, ukishuku tarakimu usiikodolee macho yenyewe, tafuta mwenzake kwenye karatasi hiyo hiyo mahali ambapo jibu unalijua tayari.

Tarehe nazo. Karatasi ilikuwa na tarehe mbili, ya kwanza imechapwa chini ya maandishi, "imetolewa Bujumbura tarehe 11/03/2024", ya pili iko ndani ya muhuri, 18 Machi 2024. Steshenari ilichukua ya muhuri ikaiweka kwenye "tarehe ya kutolewa" na ile nyingine ikapotea. Sasa hivi vyeti kwa Australia vinahesabiwa miezi 12 tangu kutolewa, kwa hiyo tarehe ya kutolewa siyo pambo. Dada Z akaniuliza, "kaka, sasa ya ukweli ni ipi?" Nikamjibu hiyo siyo kazi yangu, kazi yangu ni zote mbili zionekane, kila moja mahali pake, moja kwenye mstari wake na nyingine ndani ya maelezo ya muhuri. Mwezi ninauandika kwa herufi, "11 Machi 2024", maana 11/03 kuna nchi wataisoma tarehe tatu mwezi wa kumi na moja. Australia wanaanza na siku kama sisi, lakini herufi hazidhuru mtu.

Jina ndo lilimuumiza kichwa zaidi. Kwenye pasipoti yake jina la baba ni Juma. Kwenye karatasi ya Bujumbura limeandikwa Djuma, na D mbele, ndivyo wanavyoliandika wengi kule na Kongo. Kijana wa steshenari kwa nia njema kabisa akarekebisha, akaandika Juma. Akadhani anasaidia. Alichofanya ni kutengeneza tafsiri inayosema kitu ambacho asili haisemi, na kwenye karatasi ya rekodi ya jinai jina ni kitu cha mwisho kabisa cha kuchezea kwa sababu cheti chote kinasema mtu mwenye JINA HILI hana hukumu. Mimi niliacha Djuma, nikaweka mabano ya mraba baada yake: hivi ndivyo lilivyo kwenye asili. Basi. Sikueleza kwamba ni mtu yule yule, mimi sijui, sikuwepo akizaliwa. Hilo la kuunganisha majina linafanywa na mwenye majina kwa kiapo mbele ya wakili, nitalirudia.

Katikati ya karatasi kuna jedwali la hukumu, safu za mahakama, tarehe, kosa, adhabu, na jedwali lote limepigwa mstari wa mshazari na neno moja la Kifaransa lenye maana ya "hakuna kitu". Tafsiri ya kwanza iliondoa jedwali ikaandika sentensi nzuri, kwamba muombaji hana rekodi yoyote ya uhalifu. Inapendeza, ila karatasi haijasema hivyo! Karatasi imesema kwenye jedwali la hukumu hakuna kilichoandikwa. Nilichora jedwali tupu lenye safu zile zile, neno "hakuna" katikati, na mabano yanayosema mstari wa mshazari umepigwa juu ya jedwali lote. Ule mstari una maana, umewekwa ili mtu asije akaongeza kitu baadaye.

Sasa mihuri. Hapa ndo pesa yangu huwa inaishia, muda wote unaenda hapa. Kwenye tafsiri ya kwanza chini kabisa kulikuwa na maneno mawili, "muhuri, sahihi", kwisha. Mimi niliandika hivi (nawawekea kwa Kiswahili, kwenye kazi yenyewe ilikuwa Kiingereza):

[Juu katikati: nembo ya Burundi, ngao yenye kichwa cha simba na mikuki mitatu, chini yake maneno: Umoja, Kazi, Maendeleo]

[Chini kulia: muhuri wa duara, wino wa bluu, umefunika sehemu ya sahihi. Maneno ya ukingoni: Jamhuri ya Burundi, halafu neno moja halisomeki. Katikati: 18 Machi 2024]

[Sahihi ya mkono, haisomeki, juu ya jina lililochapwa]

[Upande wa nyuma: muhuri wa mstatili, wino mwekundu, umefifia, mstari wa kwanza tu unasomeka: Imeonwa kwa uthibitisho wa sahihi]

Huo wa nyuma haukuwepo kabisa kwenye tafsiri ya kwanza kwa sababu Dada Z alituma picha ya mbele tu kwa wasapu. Ndo maana siku hizi siifanyi kazi ya namna hii kwa picha, nasema lete karatasi yenyewe niishike. Naigeuza, naiinua dirishani, halafu nalaza tochi ya simu pembeni karibu na meza ili mwanga upite juu juu ya karatasi, kama kuna muhuri wa kukandamiza usio na wino utauona unatoa kivuli. Skani huwa inaumeza kabisa. Kwenye hii haukuwepo, lakini nimeshaukuta kwenye vyeti vya watu wengine ambao walikuwa hawajui kama wanao.

Lile neno lisilosomeka ukingoni nilikuwa nalijua. Yaani ukiangalia urefu wa nafasi na herufi mbili za mwanzo zinazoonekana, mtu yeyote aliyeshika karatasi za Burundi angelimalizia, na nilikuwa nimeshaliandika kwenye rasimu nikalifuta asubuhi yake. Kujua siyo kusoma. Ukijaza kilichofifia umetafsiri kumbukumbu zako, na siku muhuri ukija kuonekana ulisema neno lingine wa kuitwa mwongo ni mteja, siyo wewe. Halafu kingine, nembo sibandiki. Kuna watu wanakata picha ya nembo kwenye asili wanaiweka juu ya tafsiri ipendeze, hapana, tafsiri yenye nembo ya serikali inafanana na cheti kipya na hicho siyo kitu unachotaka ofisa akifikirie saa mbili asubuhi.

Tuje kwenye barua ya mtendaji. Ni lugha yetu kwa hiyo utadhani ni kazi ya dakika kumi, mimi ilinichukua muda mrefu kuliko ya Kifaransa.

Neno "mtaa" kwanza. Tafsiri ya kwanza ilisema barua imetoka kwa "ofisa wa barabara", yaani ule mtaa wa kupita magari, na ndani ikasema Dada Z "hana kosa barabarani". Mzungu akisoma hapo anaelewa ni mambo ya leseni ya udereva! Mtaa kwenye barua hii ni ngazi ya utawala, iko chini ya kata, ina ofisi na mwenyekiti wa kuchaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Nilichofanya nililiacha neno la Kiswahili lenyewe, mara ya kwanza nikalifuatishia mabano ya mraba yanayoeleza kwa maneno machache kwamba ni ngazi ya chini ya serikali za mitaa mjini, ndani ya kata, kisha kuendelea mbele nikatumia mtaa na kata tu bila kueleza tena. Vifupisho nikavifungua, Kumb. Na., S.L.P., Yah., maana kwetu ni vya kila siku lakini nje havipo.

Kifupisho kilichonisimamisha kiko chini, juu ya sahihi. Vijiherufi vitatu, "Kny", kisha "Afisa Mtendaji wa Mtaa". Kwa niaba ya. Maana yake aliyesaini siyo mtendaji. Tafsiri ya kwanza iliziruka hizo herufi tatu na kuandika kwamba mtendaji ndiye aliyesaini. Mimi nikaandika kwa niaba ya, kama ilivyo. Dada Z akaingiwa wasiwasi kwamba barua itaonekana dhaifu, tukaamua kwenda kwa mtendaji kabla ya kutuma. Tulimkuta, mzee wa heshima, tukaanza na mbukwenyi na habari za nyumbani, akatuelewa akasema siku ile alikuwa kwenye kikao kata, akaandika upya akasaini mwenyewe. Vizuri, ila hiyo sasa ni barua nyingine, ina tarehe nyingine, nikaitafsiri upya kuanzia juu. Sikuchukua tafsiri ya zamani nikabadilisha mstari wa chini, maana nilipolinganisha mzee alikuwa amebadilisha na sentensi moja ya katikati bila kutuambia.

Sentensi yenyewe ndo hii: "Katika kipindi chote alichoishi hapa, ofisi yangu haijapokea malalamiko yoyote dhidi yake." Ya kwanza ilikuwa inasema "hana rekodi yoyote ya uhalifu katika ofisi yetu", na steshenari ilitafsiri kwamba hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Mtendaji wa mtaa hana daftari la mahakama, wala hakudai kwamba analo. Yale maneno "katika ofisi yetu" ndo uzani wa sentensi, ukiyatoa umemfanya mzee aseme kitu cha nchi nzima. Dada Z akaniomba kiaina, "kaka si unaweza kuweka tu kwamba hana kesi, si kweli sina?" Ni kweli hana, lakini mtendaji hakuandika hivyo, na la kesi lina karatasi yake, cheti cha polisi cha Tanzania kiko kwenye faili hilo hilo.

Kwenye sifa sikuongeza wala kupunguza. Aliandika "mcha Mungu na mshiriki wa shughuli za jamii ikiwemo misiba", nikaweka misiba. Kuna wanaokata misiba kwa kuona nje hawataielewa. Mtu anayezika na wenzake ni mtu anayejulikana mtaani, ofisa aelewe asielewe mtendaji kasema.

Muhuri wa barua ulikuwa msafi, mstatili, zambarau, una jina la mtaa, la kata na la jiji, na nafasi ya tarehe iliyojazwa kwa kalamu. Nikaandika hivyo hivyo pamoja na kwamba tarehe ni ya mkono.

Baada ya hapo ni tamko la mtafsiri. Australia kama tafsiri imefanyiwa nje ya nchi yao wanataka mtafsiri aandike jina lake kamili, anwani, simu, na sifa zake na uzoefu wake kwenye lugha husika. Ile ya steshenari ilikuwa na muhuri wa duka basi. Muhuri mzuri, duara, lakini haumjibu ofisa swali la nani huyu na Kifaransa kakijulia wapi. Mimi niliweka matamko mawili tofauti, moja la Kifaransa kwenda Kiingereza na moja la Kiswahili kwenda Kiingereza, kila moja linataja karatasi kwa kichwa chake, namba yake, tarehe yake na idadi ya kurasa ikiwemo ya nyuma. Sahihi kila ukurasa, na kwenye karatasi ya asili siweki hata nukta ya kalamu yangu. Msije mkachukua tamko hili mkalipeleka nchi nyingine kama lilivyo, Uingereza wanataka pia tarehe ya tafsiri na uthibitisho kwamba ni sahihi, na Kanada kama mtafsiri hana ithibati wanataka kiapo mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, na wanakataa tafsiri ya ndugu hata binamu, hata kama binamu ndo kazi yake.

La majina tulilimaliza kwa wakili. Dada Z akaapa kwamba Juma na Djuma ni baba mmoja na yeye ni mtu mmoja, akitaja pasipoti na ile karatasi ya Burundi kwa namba yake, 1471. Nilimwambia kabla hajatoka pale asome sehemu ya chini ya kiapo, pale wakili anaposema ameapishwa mbele yake, sheria yetu ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka mahali na tarehe ya kuapa viandikwe hapo. Na kweli tarehe ilikuwa imeachwa nukta nukta. Wakili akacheka akaijaza, dakika moja.

Tukaskani kwa rangi, asili mbele na nyuma kisha tafsiri yake, faili moja kwa kila karatasi. Siku ya 19 zikapanda. Dada Z akaniuliza zile tafsiri za kwanza azifanyeje, zilishapandishwa na hazifutiki. Tukaandika aya moja ya maelezo kwamba tafsiri za mwanzo zilikuwa na namba ya kumbukumbu iliyosomwa vibaya na kurasa pungufu, na kwamba barua ya mtendaji ni mpya, ya tarehe fulani, imechukua nafasi ya ile iliyosainiwa kwa niaba. Mume wake hakupenda, aliona tunajichongea. Mimi nikasema ofisa ana 7477 kwenye skrini yake na kesho ataona 1471, bora asikie kutoka kwenu kwa nini. Ombi lingine la karatasi halikuja, viza ilitoka miezi mitano baadaye, na bahasha ya kaki aliniachia mimi, bado inakaa kwenye droo ikiwa na picha ya wasapu ya ile karatasi, upande wa mbele tu.